Kumwomba meneja kikao cha kuzungumzia nyongeza ya mshahara: siku, maneno na majibu

Mwezi wa Novemba mwaka mmoja, nikiwa mhasibu msaidizi katika tawi la kampuni fulani mjini Kisumu, nilimwandikia meneja wangu nikiomba tuketi tuzungumze kuhusu mshahara wangu. Alinijibu siku hiyohiyo, akanikaribisha ofisini, akanisikiliza hadi mwisho na kukubali karibu kila nililosema. Kisha akaniambia kwamba bajeti ya mwaka uliofuata ilikuwa imeondoka kwenda Nairobi wiki tatu kabla. Nilisubiri miezi kumi na mitatu. Hoja zangu hazikuwa na kasoro, wala meneja hakuwa na roho mbaya. Kilichoniponza ni tarehe niliyoandika ombi.

Baadaye nilihamia Nakuru na kukaa upande wa pili wa meza, nikishughulikia mishahara ya tawi zima, na maombi ya namna hiyo yalianza kupitia kwangu. Mengi yalikwama kabla hata ya mtu kuketi kikaoni. Ndiyo maana hapa nitashika kipande kimoja tu: ule ujumbe mfupi unaoomba kikao. Lini uandikwe, useme nini, unyamazie nini, na ufanye nini meneja akijibu au akinyamaza. Namna ya kujieleza ukishaketi naye ni somo jingine.

Mfano nitakaoutumia ni wa karani wa stoo katika tawi la wauzaji wa jumla wa vifaa vya ujenzi mjini Kisumu. Nimeuunga kutokana na visa kadhaa nilivyovishuhudia. Aliajiriwa Machi 2023, na wakati wa kisa hiki alikuwa akipata shilingi 38,000 kabla ya makato. Aprili 2025 mwenzake aliyeshughulikia bidhaa zinazorudishwa na wateja wa Siaya na Busia aliacha kazi, na kitabu chake kikahamia kwenye meza ya karani huyu. Hakuna aliyeandika barua. Aliambiwa tu, "shikilia kidogo," na kufikia Septemba bado alikuwa ameshikilia.

Kwanza jua mshahara wako unaamuliwa wapi

Kazi nyingi za mshahara huku kwetu, kuanzia Nakuru na Eldoret hadi Kakamega na Kisumu, ni kazi za matawi. Meneja unayemwona kila asubuhi ndiye anayesaini likizo yako na kukupa lawama mzigo ukipotea, lakini hawezi kukuongezea hata shilingi mia kwa kalamu yake. Anachoweza ni kukupendekeza. Pendekezo lake linaenda makao makuu, huko linawekwa kando ya mapendekezo ya matawi mengine, na mtu asiyekujua ndiye anayelikubali au kulikata.

Ukishalielewa hilo, mambo mawili yanabadilika. La kwanza, ujumbe wako una msomaji wa pili. Meneja akiona una hoja, huenda akaupeleka Nairobi kama ulivyo, kwa hiyo kila neno uliloliweka kwa sababu mnazoeana litasomwa na mtu ambaye hamjawahi kusalimiana. La pili, siku ya kikao haihesabiwi kuanzia leo kwenda mbele. Inahesabiwa kurudi nyuma, kuanzia siku ambayo mlango wa bajeti unafungwa.

Siku hiyo utaijuaje? Si siri kubwa. Muulize mhasibu wa tawi, "Bajeti yetu inaenda Nairobi lini mwaka huu?" Hilo ni swali la kawaida la kazi na hakuna atakayekushangaa. Ukiona haya kuuliza, toa hati zako za mshahara za miaka miwili na utazame ni mwezi gani kiasi kilibadilika. Kikibadilika Januari, kampuni inafuata mwaka wa kalenda, na katika ofisi nilizopitia bajeti za namna hiyo zilikusanywa kati ya Septemba na mwanzo wa Novemba. Kikibadilika Julai, mwaka wao unakwenda sambamba na ule wa serikali, Julai hadi Juni, na maamuzi hufanywa kati ya Machi na Mei. Mashirika yanayotegemea wafadhili yana kalenda zao, na huko swali la kuuliza ni lini mradi wenyewe unapangiwa fedha upya.

Kuna wachache ambao njia hii haiwafai. Ukiwa chini ya mkataba wa pamoja wa chama cha wafanyakazi, kama walivyo wengi katika mashamba ya maua ya Naivasha na viwanda vya sukari, kiwango chako kinajadiliwa na chama, na meneja hana ruhusa ya kukuongezea peke yako hata akikupenda vipi. Mtumishi wa umma naye viwango vyake huwekwa kwa ushauri wa Tume ya Mishahara na Marupurupu, kwa hiyo anachoweza kuombea kikao ni kupandishwa cheo au kubadilishiwa daraja. Na kama bosi wako ndiye mwenye duka, achana na barua. Msubiri wateja wapungue, umwombe nafasi kwa mdomo, na usifanye hivyo mbele ya wenzako.

Kuhesabu siku

Turudi kwa karani wetu. Ameulizia na kujua kwamba bajeti ya tawi inatakiwa Nairobi Ijumaa, Oktoba 31, 2025. Ukiitazama tarehe hiyo kijuujuu, utadhani kikao cha katikati ya Oktoba kinatosha. Hakitoshi. Meneja wake, ambaye tawi zima humwita Madamu, anaanza kuandika makadirio mwanzoni mwa Oktoba, na jina lisilokuwamo kwenye rasimu ya kwanza huingia kwa kubanwa kando. Mwezi huo pia una sikukuu mbili, tarehe 10 na tarehe 20, na zote zinakula siku za kazi. Kwa hiyo Madamu anapaswa kuwa na jina na sababu mkononi kabla Septemba haijaisha. Kikao kikiwa katikati ya Septemba, zinabaki wiki mbili za kukutana tena ikiwa atataka takwimu zaidi.

Ndani ya mwezi wenyewe kuna siku za kukwepa. Mwisho wa mwezi stoo inahesabiwa na kila mtu ana hasira. Siku za kwanza za mwezi ofisi inashughulikia makato, kwa sababu kodi ya PAYE ya mwezi uliopita inatakiwa kufika KRA kabla ya tarehe 9 kupita, na tarehe 20 ni zamu ya VAT. Katikati ya tarehe hizo mbili ndipo meneja huwa na kichwa kilichotulia. Kwa siku za wiki, Jumatatu ina mkutano wa mauzo, Ijumaa ina madeni, na Jumamosi ni nusu siku. Zinabaki Jumanne, Jumatano na Alhamisi.

Hata saa ina umuhimu wake. Katika tawi la vifaa vya ujenzi, malori hupakiwa tangu saa moja asubuhi, na kabla ya saa tatu na nusu meneja hakai kitini. Saa nne, chai ikiwa mezani na malori yakiwa njiani, ndiyo saa nzuri. Ofisi yako itakuwa na malori yake ya aina nyingine, nawe unajua yanaondoka saa ngapi.

Karani akachagua nafasi mbili: Jumanne, Septemba 16, saa nne asubuhi, au Jumatano, Septemba 17, saa nane na nusu mchana. Ujumbe akaupeleka Jumatano, Septemba 10, siku sita kabla. Siku sita zinampa Madamu muda wa kufungua faili na kuuliza Nairobi kama kuna nafasi. Ukimpa siku moja, ataingia kikaoni akiwa hajui lolote, na jibu la mtu asiyejua lolote huwa ni "nitaangalia." Ukimpa wiki tatu, atasahau.

Nafasi ziwe mbili, si moja wala nne. Nafasi moja inasikika kama amri, na akiwa na shughuli saa hiyo mazungumzo yanafia hapo. Ukisema "wakati wowote unaokufaa, Madamu," unadhani umekuwa na adabu, kumbe umempa kazi ya kutafuta siku, na kazi hiyo atairudia akipata nafasi, yaani hataifanya. Nafasi mbili anazijibu kwa neno moja akiwa amesimama kwenye mzani.

Saa nayo iandikwe kwa namna isiyo na shaka. Niliwahi kuandikiwa "saa 10 Alhamisi" nikaenda saa kumi jioni, kumbe mwenzangu alikuwa amenisubiri tangu asubuhi, kwa sababu kalenda ya simu yake ilimwonyesha 10:00. Andika "saa nne asubuhi (10:00)" na ubishi unaisha.

Kiasi ukijue, ila usikiandike

Kabla ya kuandika ombi, karani alikaa chini akapiga hesabu. Anataka kufika 46,000, yaani nyongeza ya 8,000. Katika kiwango chake cha mshahara, mwaka huo wa 2025, kila shilingi iliyoongezwa ilikatwa asilimia 6 ya NSSF, asilimia 2.75 ya SHIF na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, kisha kilichobaki kilikatwa kodi ya asilimia 30. Katika 8,000, atakayopeleka nyumbani ni kama 5,026. Kwa upande wa mwajiri, 8,000 si 8,000: anaongeza asilimia 6 yake ya NSSF na asilimia 1.5 yake ya ushuru wa nyumba, inakuwa 8,600 kwa mwezi, au 103,200 kwa mwaka. Nambari hiyo ya mwisho ndiyo Madamu ataiandika kwenye bajeti, na karani akiijua kabla ya kikao hatashangazwa nayo.

Lakini hakuna hata nambari moja kati ya hizo inayoingia kwenye ujumbe wa kuomba kikao. Wengi hunibishia hapa. Wanasema, si afadhali nimwambie mapema ajitayarishe? Tatizo ni kwamba kiasi kilichoandikwa kinajibiwa kwa maandishi. Meneja anasoma "46,000" akiwa kwenye gari kuelekea Kakamega, anaona ni asilimia 21, anaandika "mwaka huu haiwezekani," na umeshajibiwa kabla hujasema lolote kuhusu Siaya na Busia. Kikao ulichokiomba hakina kazi tena. Nambari isiyo na maelezo yake daima huonekana kubwa.

Maneno yenyewe

Huu ndio ujumbe wa kwanza alioandika karani, kabla hajanionyesha nimsaidie:

"Habari Madamu. Samahani kwa usumbufu. Nina jambo la kibinafsi ningependa tuongee ukipata nafasi. Unajua maisha yamekuwa magumu, kodi ya nyumba Migosi imepanda, na watoto wanarudi shule. Pia nimeona kuna wengine wameongezwa na mimi nafanya kazi nyingi. Natumaini utanifikiria. Mungu akubariki."

Una upole, na mtu mwenye moyo hawezi kuusoma bila kumhurumia aliyeuandika. Ila hauwezi kumfikisha mahali.

"Jambo la kibinafsi" katika ofisi zetu lina maana zake: msiba, kuomba mshahara kabla ya mwisho wa mwezi, au kuacha kazi. Madamu akisoma maneno hayo anajitayarisha kwa moja kati ya hayo matatu, na mara nyingi anakuita palepale mlangoni ili alimalize haraka. Unajikuta unazungumzia mshahara umesimama, huku dereva anasubiri kusainiwa karatasi. Lengo litajwe kwa jina lake.

Kodi ya nyumba na karo ni shida za kweli, lakini Madamu hawezi kuzibeba hadi Nairobi. Kule watamwuliza kazi ya karani imebadilika vipi, naye hatakuwa na jibu ila kwamba Migosi kumekuwa ghali. Gharama ya maisha ni hoja ya wafanyakazi wote kwa pamoja, na hujibiwa kwa nyongeza ya wote. Anayeomba kikao peke yake anahitaji sababu iliyo yake peke yake.

Ile ya "wengine wameongezwa" ndiyo inayoharibu zaidi. Swali la kwanza la meneja litakuwa, nani amekuonyesha hati ya mshahara ya mwenzako? Kikao kitageuka uchunguzi. Ikiwa kweli unalipwa chini ya mwenzako mnaofanya kazi yenye thamani sawa, sheria ya ajira ya mwaka 2007 inakulinda, lakini hayo ni malalamiko rasmi yenye njia yake, na si vizuri kuyachomeka kwenye ombi la kikao kama pilipili.

Ujumbe wa pili, uliotumwa kweli, ulikuwa hivi:

"Kichwa: Ombi la kikao cha dakika 30, wiki ya Septemba 15

Habari za asubuhi Madamu,

Ninaomba kikao cha dakika 30 nawe, kujadili marekebisho ya mshahara wangu kulingana na kazi ya bidhaa zinazorudishwa kutoka Siaya na Busia, ambayo nimekuwa nikiifanya tangu Aprili pamoja na kazi yangu ya stoo.

Ningependa tukutane Jumanne, Septemba 16, saa nne asubuhi (10:00), au Jumatano, Septemba 17, saa nane na nusu mchana (14:30), ofisini kwako. Ikiwa zote hazifai, tafadhali nipe siku nyingine kabla ya Septemba 26, ili tuwe tumezungumza kabla ya bajeti ya tawi kuandaliwa.

Nitakuja na muhtasari wa ukurasa mmoja.

Asante sana."

Tazama jinsi sentensi ya lengo ilivyofungwa. Ina neno "mshahara", kwa hiyo Madamu hakisii. Ina sababu moja yenye mahali na mwezi, inayoweza kuhakikishwa kwa kufungua kitabu. Nilipendelea "marekebisho" kuliko "nyongeza", kwa kuwa kazi imebadilika na malipo hayajabadilika, na neno hilo linaelekeza macho huko. Si neno la lazima. Ukiona linakupa ulimi mzito, andika nyongeza.

Mstari wa Septemba 26 ndio ulionichukua muda mrefu kumshawishi. Aliogopa kuonekana anampangia mkubwa wake. Lakini hautishi chochote. Unataja tarehe ambayo Madamu mwenyewe anaijua, na unamsaidia kuona kwa nini jambo hili si la Desemba. Bila mstari huo, meneja mwenye nia njema anaweza kuahirisha mara mbili, mlango ukafungwa, na asiwepo wa kulaumiwa.

Ukurasa mmoja uliotajwa usitumwe pamoja na ombi. Una mambo ambayo kikao ndicho kitakachoyaeleza, na ukiutuma mapema utasomwa kama ile nambari ya 46,000. Kuutaja kunatosha kuonyesha kwamba hutaenda kupiga soga.

Kichwa cha barua pepe hakina neno mshahara, na hilo ni kwa makusudi. Kompyuta za mameneja huunganishwa na ukuta wakati wa mkutano wa Jumatatu, na vichwa vya barua huchungulia pembeni ya skrini mbele ya watu wote. Lengo likae ndani ya barua.

Na kule juu hakuna "samahani kwa usumbufu." Salamu iwepo, maana kuanza bila salamu huku kwetu ni ufidhuli, lakini kuomba kikao na mkubwa wako kuhusu kazi si usumbufu unaohitaji msamaha. Ukiomba radhi mwanzoni umeshajiweka kwenye kundi la wanaokopa.

Utume kwa njia gani

Barua pepe ya ofisi ndiyo njia bora, kwa sababu ina tarehe na inaweza kupelekwa mbele. Kabla ya kuituma, mwambie kwa mdomo mkipishana: "Madamu, leo nitakuandikia kuomba nafasi wiki ijayo." Barua isiyotanguliwa na neno inaweza kuonekana kama mashtaka, hasa kwa meneja aliyezoea kwamba anayeandika ni anayelalamika. Usimnakili mtu wa Nairobi. Ukimnakili, umemwonyesha Madamu kwamba humwamini, na yeye ndiye unayemhitaji akupendekeze.

Ofisi nyingine hazina barua pepe za makarani, kila kitu ni WhatsApp. Basi tumia hiyo, ujumbe uleule bila kichwa, saa za kazi, na uhakikishe mara mbili jina lililo juu ya skrini kabla ya kubonyeza. Nimewahi kuona ombi la mshahara likitua kwenye kundi la tawi zima, na mwenyewe kulifuta baada ya watu kumi na mmoja kulisoma. Ujumbe wa sauti usitume. Hauwezi kuchapishwa wala kuambatishwa na bajeti.

Akijibu, au akinyamaza

Jibu zuri ni "Jumanne ni sawa." Mjibu kwa mstari mmoja ukirudia siku na saa, na kama ofisi inatumia kalenda ya kompyuta, mtumie mwaliko.

Jibu linalowachanganya wengi ni "unataka ngapi?" Linakuja kwa WhatsApp, kwa wepesi, kama utani. Usitaje kiasi, na usikwepe kwa namna ya kumkera. Karani aliulizwa hivyo na akajibu: "Kiasi nimekipigia hesabu, Madamu. Ningependa kukueleza pamoja na majukumu yenyewe tukikutana Jumanne, ili kisionekane bila sababu zake." Akisisitiza mara ya pili, mpe; kubishana na meneja kuhusu haki ya kunyamaza hakukusaidii. Lakini mpe pamoja na sentensi moja ya sababu.

Akikuita palepale, "njoo tuongee sasa hivi," nenda. Usiseme hujajiandaa. Ndiyo maana ule ukurasa mmoja unapaswa kuwa umeshaandikwa kabla ya ujumbe kutumwa, ukiwa umekunjwa kwenye droo.

Akisema, "hayo mwandikie afisa wa rasilimali watu," usichukulie kwamba amekukataa. Pengine ndiyo njia ya kampuni. Mwulize jambo moja: "Nikimwandikia, naweza kusema tumezungumza nawe na unafahamu?" Akikubali, una mtu nyuma yako. Akisita, umejua ni yeye ambaye hajakubali, na bado ni yeye unayehitaji kikao naye.

Kimya ndicho jibu la kawaida zaidi. Subiri siku mbili za kazi. Barua iliyotumwa Jumatano isipojibiwa hadi Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi mpitie umuulize kwa mdomo kama Jumanne bado inawezekana. Zikipita nafasi zote mbili, andika mara moja zaidi juu ya barua ileile, mistari miwili, ukitoa nafasi mbili mpya zilizo kabla ya ile tarehe ya mwisho. Usiombe mara ya nne. Kimya cha mara tatu kinamaanisha ama hana la kukupa, ama anaogopa kukuambia hivyo, na hapo inafaa umwombe naibu wake, au afisa wa rasilimali watu, akueleze utaratibu wa kampuni wa kupitia mishahara.

Ilivyomwendea karani

Madamu alichagua Jumatano saa nane na nusu, kisha akaisogeza hadi Alhamisi asubuhi kwa sababu lori lilikwama Ahero. Walizungumza dakika ishirini. Wiki iliyofuata alimrudisha karani kumuuliza idadi ya bidhaa zilizorudishwa kila mwezi tangu Aprili, kwa kuwa Nairobi waliitaka, na zile wiki mbili za akiba zikatumika. Zilikubaliwa 5,000, si 8,000, kuanzia Januari 2026.

Jioni ile ya Alhamisi, kabla ya kupanda matatu ya kwenda Migosi, alikuwa ametuma mistari mitatu juu ya barua yake ya kwanza: asante kwa muda, tumekubaliana utapeleka pendekezo kwenye bajeti, nami nitakuletea takwimu ukizihitaji. Barua hiyohiyo ndiyo iliyoambatishwa na pendekezo. Januari ilipofika na hati ya mshahara ikaonyesha 43,000 bila karatasi nyingine yoyote, aliirudia tena kuomba barua rasmi, maana sheria ya ajira inamtaka mwajiri amjulishe mfanyakazi kwa maandishi masharti yake yanapobadilika. Barua ilikuja Februari, na ndani yake, kwa mara ya kwanza, kazi ya Siaya na Busia ilitajwa kuwa yake.